Daftari la maumivu ya kichwa: namna ya kulifanya ukurasa mmoja daktari aweze kuusoma

Mama ntilie mmoja wa Temeke alikuja kliniki na kaunta buku lenye jalada gumu. Upande wa mbele ameandika unga, mafuta, mkaa na majina ya wanaokula kwa mkopo. Akiligeuza, upande wa nyuma kuna kichwa chake: wiki kumi na mbili za maumivu, kwa kalamu za rangi tatu, mengine yamefutwa na mchuzi. Alinikabidhi nikiwa kwenye meza ya kupima presha, akasema, "Sista, kila kitu kimo humo. Daktari asome tu."

Daktari hasomi, na si kwa dharau. Nje kuna benchi limejaa, na kurasa thelathini za daftari zinahitaji muda mrefu kuliko ziara nzima. Atalifungua katikati, ataona "kichwa sana leo", atalifunga na kuanza kuuliza upya. Mgonjwa naye, kwa kuwa ameulizwa ghafla, atajibu "kinauma kila siku", na ule uhodari wote wa kuandika umepotea hapo.

Nitaeleza tulivyolipunguza lile daftari hadi ukurasa mmoja. Nimechagua kichwa kwa sababu ni ugonjwa ambao daftari lake lina siri ndani: mara nyingi jibu liko kwenye hesabu ambayo mgonjwa mwenyewe hajawahi kuifanya.

Kwanza, ya kutosubiri ukurasa wala miadi. Kichwa kilichopasuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja; kichwa chenye homa na shingo ngumu; kichwa kinachokuja na mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, degedege, macho kupoteza nuru au mtu kuchanganyikiwa; kichwa baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda; kichwa kikali kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Kichwa kipya kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, au kwa anayeishi na VVU, nacho kisingoje wiki nne za kuandika.

Kata kipande cha siku 28

Usifanye muhtasari wa daftari zima. Chukua wiki nne kamili za mwisho, Jumatatu hadi Jumapili, mara nne. Tunatumia 28 badala ya "mwezi" kwa sababu kila siku ya wiki inaingia mara nne sawasawa, na kama una vipande viwili au vitatu vya namna hiyo unaweza kuvilinganisha bila kubishana kuhusu mwezi wenye siku 31.

Usichague wiki mbaya kuliko zote. Ni kishawishi kikubwa, maana mtu anaogopa asipoaminika. Ila daktari akigundua umechagua, hata zile namba za kweli zinapoteza uzito. Kama kipande kimeangukia Ramadhani, kiache hivyo hivyo lakini andika kwamba ulikuwa umefunga: kukaa bila kula na bila chai au kahawa kunaleta kichwa peke yake.

Kwa mama yetu kipande kilikuwa 4 hadi 31 Agosti 2025. Kabla yake tulikuwa na vingine viwili kamili, kuanzia 9 Juni.

Hamisha siku moja moja, na usiogope nafasi tupu

Chukua karatasi safi, piga mistari, andika tarehe 28 kwenda chini. Kwa kila siku weka mambo manne tu: kiliuma au hakikuuma, kilianza saa ngapi, kilikuzuia nini, ulimeza nini. Hii ni karatasi ya kazi, haiendi kwa daktari.

Hapa ndipo daftari linapoanza kukusaliti. Siku ambayo haina maandishi ina maana gani? Kwa mama yetu kulikuwa na siku tisa tupu, na mimi nilikuwa tayari kuziandika zote "hakuna maumivu". Nilipomuuliza, sita kweli alikuwa mzima. Tatu alikuwa kwenye msiba Mbagala, daftari likabaki nyumbani, na hakumbuki. Hizo tatu tulizitia alama ya kuuliza. Siku ya uzima na siku isiyojulikana si kitu kimoja, na ukizichanganya hesabu yote inapinda. Kwa hiyo mgawanyo ukawa: siku 19 za maumivu, 6 za uzima, 3 hazijulikani.

Mtego wa pili ni saa, na huu ni wetu sisi Waswahili. Daftari linasema "saa 11 kichwa", mara kwa mara. Saa 11 ipi? Mama anamaanisha alfajiri, anapoamka kukanda unga. Msomaji aliyezoea saa ya simu anaweza kuona karibu na usiku wa manane, na mwingine akaona jioni. Tena binti yake alikuwa akimwandikia siku nyingine akinakili saa ya simu, kwa hiyo ukurasa huohuo una "saa 11" na "05:10" na ni wakati uleule. Chagua njia moja na uiandike yote: alfajiri saa 11 (05:00). Tulipozinyoosha, tukaona siku 12 kati ya 19 alikuwa anaamka nacho. Hilo halikuonekana kabisa kabla.

Pima ukali kwa kazi

Mama alikuwa ameandika "sana", "sana sana", "kidogo", na siku moja "nilitamani kufa". Watu wengine huweka namba sifuri hadi kumi, kisha wanatoa wastani: maumivu yangu ni sita. Wastani wa namna hiyo haumwambii daktari chochote, kwa sababu sita inaweza kuwa siku zote za katikati, au nusu za mbili na nusu za kumi, na hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Tukatumia ngazi tatu zilizotoka kwenye kibanda chake mwenyewe. Ngazi ya 1: anauza kama kawaida. Ngazi ya 2: anauza, ila chapati anapika binti. Ngazi ya 3: hafungui, analala chumbani taa imezimwa. Nikamwambia apite kila siku ajiulize, siku ile nilifungua? Daftari la unga lilimsaidia, maana siku ambayo hakununua unga hakufungua. Ikatoka 8, 6 na 5. Ukiwa fundi au dereva, tafuta ngazi zako. Ziwe tu vitu vinavyoonekana.

Hesabu siku za dawa, si vidonge

Hapa nitakaa kidogo.

Nilipomuuliza anatumia dawa gani alisema, "Situmii dawa, namezaga panadol tu." Usicheke, karibu kila mtu husema hivyo. Dawa kwake ni ile ya kuandikiwa. Cha dukani ni kama chumvi. Lakini kwenye daftari, pembeni, kulikuwa na "2" na "1+1" na "zile nyekundu". Zile nyekundu zilikuwa kidonge cha mchanganyiko: aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja. Nikamtuma akalete pakiti, tukasoma nyuma yake majina na miligramu. Fanya hivyo hivyo: pakiti zote mezani, hata ya dawa uliyoazimwa na jirani, hata chupa ya miti shamba.

Kisha hesabu siku ngapi kati ya 28 ulimeza chochote cha kutuliza maumivu. Idadi ya vidonge ni habari ya pili. Sababu ni hii: dawa za maumivu, zikimezwa siku nyingi mno kwa mtu mwenye asili ya kuumwa kichwa, zenyewe huanza kukileta. Dawa inaisha mwilini usiku, asubuhi kichwa kinadai nyingine, unameza, kinatulia, kesho kinadai tena. Madaktari wana mipaka wanayotumia: dawa ya kawaida ya aina moja, kama parasetamoli au ibuprofeni, siku 15 au zaidi kwa mwezi, vidonge vya mchanganyiko, siku 10 au zaidi, hali hiyo ikiendelea zaidi ya miezi mitatu, na kichwa chenyewe kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kinachohesabiwa ni siku. Mtu aliyemeza vidonge nane katika siku mbili mbaya hayuko kwenye tatizo hili. Aliyemeza kimojakimoja siku ishirini anaweza kuwa ndani yake.

Tukahesabu vipande vyote vitatu. Siku za maumivu: 13, kisha 16, kisha 19. Siku za dawa: 11, kisha 14, kisha 17. Za mchanganyiko peke yake: 10, 10, 11. Mama akaziangalia namba zile muda mrefu. "Kwa hiyo dawa inakimbizana na kichwa," akasema.

Nilimzuia asiandike hivyo kwenye ukurasa. Namba zinapanda pamoja, hilo ni kweli; lakini nani anamfuata mwenzake, kichwa kinazidi kwa ajili ya dawa au dawa inazidi kwa ajili ya kichwa, hizi namba pekee hazisemi. Kuna magonjwa mengine yanayoamsha mtu na kichwa alfajiri, na baadhi si ya kuchezea. Kazi ya ukurasa ni kuweka namba mahali pa wazi. Wala mgonjwa asikate dawa zote siku moja kwa kusoma maneno yangu. Namna ya kuacha hutegemea ni dawa gani, na hilo analipanga na daktari.

Tenga ulichohisi na ulichohukumu

Daftari lilikuwa na "presha imepanda" mara saba na "malaria imerudi" mara mbili. Hayo ni hukumu. Yanapoingia kwenye muhtasari kama dalili, yanampeleka msomaji njia ambayo mgonjwa ameshaichagua.

Kila hukumu iulize: nilihisi nini, na kilipimwa? Mara saba za presha, tatu alipimwa duka la dawa la jirani, na vipimo alivibana kwenye daftari: 128/82, 134/84, 131/80. Kwenye ukurasa tuliandika namba na tarehe, na kwamba siku hizo kichwa kilikuwa kinauma. Nne nyingine alikuwa amekisia kwa sababu kichwa kiligonga, kwa hiyo zilitoka. Malaria moja ilikuwa na kipimo cha haraka, jibu hasi, akameza dawa hata hivyo. Hilo tuliliandika lilivyo. Nyingine haikupimwa.

Kisha kuna maneno yetu yenye vyumba vingi. "Kizunguzungu" ni neno hatari kuliko yote. Kuna anayeona nyumba inazunguka, kuna anayesikia giza linaingia machoni akisimama, na kuna anayeyumba tu akitembea. Ni habari tatu. Usiandike neno, andika kilichotokea: "nikisimama ghafla macho yanaingia giza kama sekunde tano, mara 4". Kichwa nacho hivyo hivyo: kinagonga kama ngoma, au kinabana kama kilemba kilichokazwa? Upande mmoja au pande zote? Taa na kelele zinaudhi? Kichefuchefu kipo? Mama yetu alikuwa na vya aina mbili: vingi vinabana pande zote, na vile vitano vya ngazi ya 3 vinagonga upande wa kulia, na harufu ya mafuta ya kukaangia inamtapisha. Hii tofauti inastahili mstari wake.

Jaribu sababu yako kabla ya kuiandika

Mama aliamini chanzo ni kuamka saa 9 usiku kwenda sokoni Ilala. Ni imani yenye mantiki, na angeweza kuacha soko kwa ajili yake. Tukaipima kwa zile siku 25 zinazojulikana. Siku za soko zilikuwa 11, kichwa kikauma 8. Siku zisizo za soko 14, kikauma 11. Karibu sawasawa, na kama kuna tofauti basi soko ndilo lenye nafuu.

Kosa ambalo watu hufanya ni kuhesabu upande mmoja. "Mara nane nilitoka sokoni kichwa kikauma" inatisha mpaka uulize siku ambazo hukwenda. Hesabu pande zote mbili. Kama hazipishani sana, andika mstari mmoja kwamba uliangalia na hukuona tofauti, au liache. Wanawake waweke siku za hedhi kwenye karatasi ya kazi na wazipime kwa njia hiyo hiyo.

Ukurasa wenyewe

Upande mmoja wa karatasi ya A4, herufi ambazo mtu anazisoma bila kuvaa miwani, nafasi kati ya mistari. Theluthi ya juu ndiyo yenye uhakika wa kusomwa, kwa hiyo namba zikae huko, na hadithi ishuke chini. Huu ndio ulioingia chumbani siku ile, bila jina:

> Mwanamke, miaka 42, mama ntilie, Temeke. Tatizo: maumivu ya kichwa yanayozidi tangu Pasaka 2025.
>
> Siku 28, 4–31 Agosti 2025: maumivu siku 19, hakuna 6, hazijulikani 3.
> Ukali: anafanya kazi 8, kwa shida 6, hawezi kazi 5.
> Siku za dawa ya maumivu: 17 (mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini siku 11, parasetamoli pekee siku 6). Kawaida vidonge 2 kwa siku.
>
> Mwelekeo, vipande vitatu vya siku 28 tangu 9 Juni: siku za maumivu 13, 16, 19. Siku za dawa 11, 14, 17. Siku za mchanganyiko 10, 10, 11.
>
> Aina ya kwanza (siku 14): kinabana pande zote. Aina ya pili (siku 5): kinagonga kulia, kichefuchefu, taa na harufu vinaudhi, kinadumu saa 6 hadi 10.
> Wakati: siku 12 kati ya 19 anaamka nacho, mara nyingi alfajiri saa 11 (05:00).
> Hakuna: homa, degedege, kulegea upande, kuona viwili, kuumia kichwa.
>
> Presha, duka la dawa, siku za maumivu: 128/82 (7 Ago), 134/84 (16 Ago), 131/80 (25 Ago). Malaria: kipimo cha haraka 12 Ago, hasi, alimeza dawa mseto.
> Dawa nyingine: hakuna. Miti shamba: hakuna. Mzio: haujulikani. Mjamzito: hapana.
>
> Maswali: 1. Je, dawa ninazonunua zinaweza kuwa sehemu ya tatizo? 2. Siku ya ngazi ya 3 nitumie nini?

Angalia mstari wa "Hakuna". Watu huuacha kwa sababu hawaoni haja ya kuandika ambacho hawana, lakini unamwokolea daktari maswali matano. Uandike tu yale uliyojiuliza kweli. "Hakuna" ya kubahatisha ni mbaya kuliko kukaa kimya. Maswali nayo yasizidi mawili. Ukileta saba, utajibiwa yale mepesi.

Kabla ya kwenda, mpe mtu asiyejua habari zako ausome kwa dakika moja, kisha umnyang'anye na umuulize: ninaumwa siku ngapi, nameza siku ngapi? Akishindwa, ukurasa bado ni mrefu. Binti wa mama yetu alishindwa mara ya kwanza, maana tulikuwa tumeweka malaria juu.

Daftari lenyewe lichukue mkobani. Daktari akitaka kuona siku fulani ataliomba. Toa nakala mbili za ukurasa, moja ibaki kwenye faili na moja kwako. Njia ya rufaa hapa Dar, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hadi Temeke, Amana au Mwananyamala, na pengine hadi Muhimbili, inakukutanisha na sura mpya kila ngazi, na kila sura huanza upya.

Yule daktari aliusoma akiwa amesimama. Akapiga mstari chini ya 11 ya mwisho, akaketi, akamuuliza, "Mama, hiki cha mchanganyiko ulianza lini hasa?" Walizungumza juu ya hilo karibu ziara nzima. Mama alipotoka, maagizo yalikuwa nyuma ya karatasi yake kwa mwandiko wake mwenyewe, na chini yake amepiga mistari ya siku 28 nyingine, ya kwanza ikiwa Jumatatu inayofuata.